Fedha za Runinga: Nani Hula Mnofu, Nani Huachiwa Mfupa?

MPENZI msomaji, kama umewahi kupita mjini Kisii siku Shabana inapocheza nyumbani, utakubaliana nami kwamba hiyo huwa kama sikukuu. Matatu kutoka Nyamira na Keroka hujaa mashabiki wa 'Tore Bobe' wakielekea Uwanja wa Gusii. Lakini zile kamera zinazowekwa kando ya uwanja, fedha zake huishia mfukoni mwa nani?

Kituo cha runinga hakinunui mechi moja moja sokoni kama ndizi. Hununua haki ya kuonyesha ligi nzima, na fedha hutiwa katika chungu kimoja. Taabu huanza wakati wa kupakua.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili hesabu iwe nyepesi. Ligi ina timu 18 na kituo kimelipa shilingi milioni 180 kwa msimu. Zikigawanywa sawasawa, kila timu hupata milioni 10, iwe bingwa au mkia.

Sasa tuzigawe zote kwa nafasi katika jedwali. Wa mwisho apewe fungu moja, anayemtangulia mawili, hadi bingwa apewe 18. Mafungu yote ni 171, na kila fungu ni kama shilingi milioni 1.05. Bingwa ataondoka na karibu milioni 19, mkia na milioni moja tu! Msimu ujao bingwa atawanunua wachezaji bora wa yule mkia, na pengo litazidi kupanuka. Mwenye nacho huongezewa.

Njia ya kati

Waingereza walipoanzisha Ligi Kuu yao mwaka 1992, walichagua njia ya kati kwa fedha za runinga za nchini mwao. Nusu hugawanywa sawasawa, robo hufuata nafasi katika jedwali, na robo hufuata idadi ya mechi za timu zinazoonyeshwa moja kwa moja.

Turudi kwenye chungu chetu. Kila timu inapata milioni 5 za usawa. Katika robo ya kwanza, bingwa anapata milioni 4.7 na mkia laki mbili unusu hivi. Tuseme kila timu hulipwa laki mbili unusu kila inapoonyeshwa, na bingwa ameonyeshwa mara 20 na mkia mara 4. Bingwa atapata jumla ya milioni 14.7, na mkia karibu milioni 6.3. Bado wanapishana, lakini mkia anaweza kulipa mishahara.

Robo ile ya pili ina vituko vyake. Msimu wa 2015/16 Leicester City ilitwaa ubingwa ikapata takriban paundi milioni 93. Arsenal iliyokuwa ya pili ilipata zaidi ya milioni 100! Sababu? Kamera ziliifuata Arsenal mara nyingi zaidi. Runinga hufuata mashabiki.

Hapa ndipo watu wa Kisii wanapaswa kutega sikio. Timu yenye mashabiki wengi kama Shabana hufaidika mechi za runinga zikihesabiwa, hata isipokuwa juu katika jedwali. Timu ndogo isiyo na umati hutegemea lile fungu la usawa.

Ukuta mrefu zaidi

Hata hivyo, pengo kubwa haliko kati ya wa kwanza na wa mwisho. Liko kati ya aliye ndani ya ligi na aliye nje. Shabana iliteremshwa mwaka 2006, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2023. Kwa hiyo miaka yote ambayo SuperSport ilionyesha ligi yetu, Shabana ilikuwa nje ikichungulia dirishani. Kijana wa Nyamira anayechezea klabu ya daraja la chini yuko dirishani hapo hadi leo. Uingereza hupunguza makali haya kwa kuzilipa timu zinazoteremshwa kwa misimu kadhaa.

Na chungu chenyewe kinaweza kuvunjika. Mwaka 2017 SuperSport ilijiondoa baada ya ligi kuongezwa kutoka timu 16 hadi 18. Wakubwa walipovutana, fedha zilikauka kwa wote. Lakini klabu yenye mfadhili mwingine huvumilia. Isiyo naye huanza kudaiwa mishahara na nauli.

Kwa hiyo, msomaji wangu, utakaposikia mkataba mwingine wa runinga umetiwa sahihi, usishangilie mamilioni kwanza. Uliza maswali matatu: Sehemu gani inagawanywa sawasawa? Mechi za runinga zinahesabiwaje? Na anayeteremka anaachiwa nini? Majibu yatakueleza mapema kama Shabana itacheza ligi ya timu 18, au ya wakubwa wawili na wasindikizaji 16.