Vigae, Papi na Upepo wa Ziwa: Uezekaji wa Vigae Migori na Homa Bay

Neno kigae lina maana mbili ambazo hazikukutana kwa bahati. Kwanza ni kipande cha chungu kilichovunjika. Pili ni kipande cha udongo uliochomwa, au cha saruji, kinachoezekwa juu ya nyumba. Siku hizi imeongezeka maana ya tatu. Katika miji ya Homa Bay, Migori na Rongo watu wengi husema nyumba ya vigae wakimaanisha nyumba iliyoezekwa kwa chuma kilichofinyangwa mfano wa vigae na kunyunyiziwa chembe za mawe. Chuma hicho ni jamaa ya bati, na kanuni zake ni za bati. Makala haya yanahusu kigae chenyewe, cha udongo na cha saruji, na yanakusudia kueleza namna kinavyoshikizwa juu ya paa katika eneo ambalo upepo wa Ziwa Viktoria huezua majengo mara kwa mara.

Istilahi zinahitaji kuwekwa wazi kabla ya kuendelea, kwa kuwa mafundi wengi wa Kenya hutaja sehemu za paa kwa majina ya Kiingereza yaliyotoholewa ovyo. Makala haya yanatumia maneno ambayo fundi aliyevuka mpaka wa Isebania na Sirari huyasikia kila siku. Kenchi ni fremu ya mbao inayobeba paa kutoka ukutani hadi kileleni. Papi ni vijimbao vyembamba vinavyopigiliwa mlalo juu ya kenchi, navyo ndivyo vinavyoshika vigae. Upenu ni ukingo wa chini wa paa unaotokeza nje ya ukuta.

Mwinamo na mlaliano

Paa la vigae halizuii maji kwa kuzibwa, bali kwa kuyaharakisha. Kila kigae humwaga maji yake juu ya mgongo wa kigae kilicho chini yake, na sehemu ambayo cha juu hukilalia cha chini ndiyo mlaliano. Mvua ikinyesha pamoja na upepo, maji husukumwa kupanda mlalianoni. Yasipokuta mwinamo wa kutosha kuyarudisha, hufika kichwani pa kigae cha chini na kudondokea ndani. Ndiyo maana mwinamo na mlaliano haviwezi kuamuliwa mbalimbali: paa likilala zaidi, mlaliano lazima urefuke.

Kigae cha saruji cha kawaida chenye mifereji ya kufungana ubavuni huwa na urefu wa milimita 420 hivi na upana wa 330. Kwa vigae vingi vya aina hiyo mwinamo wa chini kabisa ni nyuzi 17.5, yaani kimo cha milimita 315 kwa kila mita moja ya mlalo, na hapo mlaliano huwa milimita 100. Paa likifikia nyuzi 22.5, mlaliano wa milimita 75 unatosha. Vigae bapa vidogo vya udongo, ambavyo havina mifereji ya kufungana, hutaka mwinamo mkali zaidi wa nyuzi 35 hivi. Aidha, paa lililolala chini ya nyuzi 26 halifai kuezekwa bila karatasi ya plastiki kutandazwa chini ya papi, ili maji machache yanayopenya yateremke hadi upenuni.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Kigae hakilali sambamba na kenchi. Mkia wake umeegemea mgongo wa mwenzake, hivyo umeinuliwa, na mwinamo wa kigae chenyewe hupungua kwa nyuzi nne au tano kuliko wa kenchi. Paa linaloonekana kuwa na nyuzi 18 huyapa maji njia ya nyuzi 13 au 14 tu.

Nyumba ya mfano

Chukulia nyumba ya bati karibu na ufuo wa Homa Bay ambayo mwenyewe ameamua kuiezeka upya kwa vigae vya saruji. Paa lake lina vipaa viwili, kila kimoja kina urefu wa mita 10, na kutoka ukutani hadi chini ya kilele ni mita 4.4 za mlalo. Kenchi zake zina mwinamo wa nyuzi 15, ambao bati huuvumilia bila taabu. Kwa kigae mwinamo huo haufai kabisa, na hakuna plastiki wala mlaliano utakaouponya. Kwa hiyo kilele lazima kipandishwe kutoka mita 1.2 hivi juu ya ukuta hadi mita 2 hivi, upate mwinamo wa nyuzi 25.

Hata bila suala la maji, kenchi za zamani zisingefaa. Bati jembamba la geji 30 halifikii kilo 3 kwa mita ya mraba, ilhali vigae vya saruji huelekea kilo 45. Paa la mita za mraba 96 lililobeba chini ya kilo 300 za bati litabeba zaidi ya tani 4 za vigae. Kenchi zilizopangwa mbalimbali kwa ajili ya bati zitapinda katika miaka michache, na mstari wa kilele utabonyea kama mgongo wa punda.

Baada ya kenchi mpya kusimama, kazi ya kupanga papi huanza, na hapa ndipo paa huokoka au huharibika. Papi ya chini kabisa hupigiliwa kwanza, mahali ambapo mkia wa kigae cha mwanzo utatokeza milimita 50 hivi juu ya mfereji wa maji. Kwa kuwa kigae hicho hakina mwenzake wa kukilalia, ubao wa upenuni hupandishwa kidogo ili ukiinue mkia. La sivyo safu ya kwanza huinama kuliko zilizobaki na safu ya pili haiilalii vizuri. Kisha papi ya juu kabisa huwekwa karibu na kilele. Umbali kati ya papi hizo mbili hupimwa. Katika nyumba hii ni milimita 4,800.

Kigae cha milimita 420 kikitolewa mlaliano wa 75 hubaki 345, nayo ndiyo nafasi kubwa kabisa inayoruhusiwa kati ya papi na papi. 4,800 ikigawanywa kwa 345 hupatikana 13.9. Fundi mwaminifu huichukua 14, akagawanya upya, akapata nafasi za milimita 343 na mlaliano wa 77. Fundi mwenye haraka huichukua 13. Nafasi huwa milimita 369 na mlaliano hushuka hadi 51. Katika nyumba nzima ameokoa papi mbili na vigae 68, na kwa macho ya aliye chini paa hilo halina dosari. Litavuja siku ya mvua ya upepo pekee, jambo linalomfanya mwenye nyumba atafute kigae kilichopasuka ambacho hakipo. Dawa ya kuligundua kosa hili ni futi ya kupimia tu: papi zipimwe kabla kigae cha kwanza hakijapanda.

Upepo

Imani iliyoenea ni kwamba kigae kwa uzito wake hakihitaji msumari. Imani hiyo ina ukweli nusu.

Upepo ukipita juu ya paa lenye mwinamo mdogo hauligandamizi, bali hulivuta kwenda juu, hasa kingoni na nyuma ya kilele. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, sawa na kilomita 108 kwa saa, ukiwa katika mwinuko wa ziwa ambao ni mita 1,134 juu ya bahari, una msukumo wa kama kilo 47 kwa mita ya mraba. (Pwani ungekuwa mkubwa zaidi, kwani hewa ya huko ni nzito.) Katikati ya paa mvuto huwa takriban sehemu saba za kumi ya msukumo huo, yaani kilo 33. Pembeni na kingoni huweza kufika karibu mara mbili ya msukumo wenyewe, tuseme kilo 85.

Sasa linganisha. Bati la kilo 3 likivutwa kwa kilo 33 halina uzito wa kujitetea. Katika mita za mraba 96 mvuto unaosalia unakaribia tani 3, nao wote hubebwa na misumari na waya zinazofunga kenchi ukutani. Zikikatika, paa huondoka zima. Kigae cha nyumba ya mfano, baada ya kuhesabu mwinamo, hukandamiza kwa kilo 41. Katikati ya paa uzito unashinda. Kingoni unashindwa kwa kilo 44 kwa mita ya mraba, yaani zaidi ya kilo 4 kwa kila kigae. Paa la vigae basi haliondoki zima; huanza na kigae kimoja cha pembeni, upepo ukaingia pale kilipotoka, na majirani zake wakafuata.

Hesabu hii huchukulia milango imefungwa. Mlango unaotazama upepo ukiachwa wazi, hewa huingia na kusukuma kutoka chini, na hata vigae vya katikati huweza kuinuka. Nafasi ndogo kati ya kigae na kigae hupunguza msukumo huo kwa kuuachia upite.

Kwa sababu hiyo, vigae vyote vya safu ya upenuni, vya kileleni na vya kingo mbili za ubavuni hupigiliwa misumari isiyoshika kutu kupitia tundu lililo kichwani pa kigae. Katikati, nyumba iliyokingwa na miti au vilima, kama nyingi za Migori mjini, huridhika na kupigilia safu moja na kuruka nyingine. Zile za Mbita, Sori au Muhuru Bay, zinazotazamana na maji matupu, hazistahili kuachiwa kigae hata kimoja. Vipaa vyote viwili hutendewa sawa, kwa kuwa upepo wa dhoruba za alasiri haufuati njia ya ule wa kila siku utokao ziwani.

Hata hivyo msumari una udhaifu wake. Umekishika kigae kichwani, ilhali upepo hukinyanyua mkiani, na kigae hugeuka kama kifuniko chenye bawaba. Kingoni, kwa hiyo, msumari hukamilishwa kwa kibano cha chuma kinachoushika mkia na kupigiliwa kwenye papi. Papi nayo hupigiliwa katika kila kenchi, na kenchi hufungwa kwa mkanda wa chuma uliozamishwa kwenye zege la juu ya ukuta wakati linapomwagwa. Vigae vyembamba vya saruji vilivyoenezwa nchini Kenya katika miaka ya 1980 vilikuwa na ufumbuzi wa namna yake: kitanzi cha waya kilizamishwa katika saruji mbichi kichwani pa kigae, kikafungwa kwenye papi.

Kilele ndicho husahauliwa. Vigae vyake aghalabu huwekwa juu ya chokaa ya saruji na kuachwa hivyo. Mbao zikipanuka na kusinyaa, chokaa hupasuka, na vigae hivyo, vilivyo mahali penye mvuto mkubwa, hubaki vimekaa tu bila kushikwa. Dalili yake husikika usiku wa upepo: mgongano mkavu juu ya dari, kama vikombe vinavyopangwa. Asubuhi vumbi la saruji huonekana ndani ya mfereji wa maji. Waya au parafujo ipitayo kwenye kigae cha kilele hadi kwenye ubao ulio chini yake hufanya kazi ambayo chokaa peke yake haiwezi.