Kinachorejea ni Siku, Si Mama

Ipo salamu moja ya Kiingereza ya siku ya kuzaliwa ambayo maneno yake, yakifasiriwa moja moja, hutoka hivi: "Marejeo mengi ya furaha ya siku hii." Mwingereza aisomapo huona upole. Mswahili aisomapo hujiuliza: ni nani aliyesafiri, na anarejea kutoka wapi?

Mfasiri hapa hakukosa msamiati, hakutambua kinachorejea. Si mtu, bali ni siku yenyewe, izungukayo na kurudi kila mwaka. Kumbe salamu hiyo ni dua ya umri mrefu iliyofichwa ndani ya jina. Dua zetu zenye joto hukaa zaidi katika kitenzi: akujalie, ikukute, uione. Hapo ndipo pa kuihamishia.

Tuchukue mfano wa kijana afanyaye kazi mjini, anayemwandikia mama yake atimizaye miaka 60. Kwanza aandika: "Nakutakia marejeo mengi ya siku hii." Kisha ageuza jina kuwa kitenzi: "Siku hii irudi mara nyingi." Maana imeeleweka, lakini mama hayumo. Amwingiza: "Siku hii ikukute tena na tena, ukiwa mzima." Sasa joto limeingia. Limebaki jambo moja, nalo ni adabu, kwani mtoto hamtakii mzazi heri kabla ya kumwamkia. Basi barua yake yasomeka hivi: "Shikamoo, Mama. Mungu akujalie siku hii ikukute tena na tena, ukiwa mzima, nasi wanao tukiwa pembeni yako."

Umri wa mpokeaji nao hubadili maneno. Mtoto wa miaka 5 huambiwa, "Mungu akukuze." Ukimwambia hivyo mzee, atacheka; yeye muombee azidishiwe umri. "Heri ya siku ya kuzaliwa" si kosa: yafaa juu ya keki, na kwa mwenzako wa kazini usiyemzoea sana.

Na je, utajuaje kama salamu imefika? Isome kwa sauti, usikilize jibu ambalo ingelileta. Salamu ya heshima tu hujibiwa "Ahsante." Dua iliyofika moyoni hujibiwa "Amina."

Tahadhari hiyo hiyo yahitajika urudipo upande wa pili. "Mungu akukuze," ikifasiriwa neno kwa neno, humfanya Mwingereza afikirie kimo cha mtoto tu, ilhali wewe ulimwombea uhai, afya na malezi mema. Usimpelekee kimo. Mwambie kwa lugha yake kwamba wamtakia mtoto miaka mingi yenye afya. Au mpe ile salamu yake mwenyewe ya siku irejeayo, ingawa siku hizi wengi wao huiona ya kizamani kidogo.