Barua Pepe Zinapogongana, Simu Ipigwe Lini?

Tuchukue mfano wa ndugu watatu wanaojadiliana kwa barua pepe juu ya paa la nyumba ya mama yao. Kaka mkubwa yuko Tanga, dada yuko Maskati, na mdogo wao yuko Leicester. Barua ya kwanza inaleta makadirio ya fundi. Katika ya nne, dada anauliza kama bei hiyo inajumuisha mbao. Katika ya sita, kaka anajibu kwamba mabati ni ya geji 28. Katika ya tisa dada anaanza kwa "kama nilivyokwisha kuuliza", na nakala amempelekea mjomba.

Kwa maoni yetu, mazungumzo haya yalistahili kuhamia kwenye simu tangu barua ya sita. Wingi wa barua si hoja. Ishirini za kupanga tarehe ya safari zaweza kwenda salama. Dalili ni swali kuulizwa na kujibiwa jambo jingine, kwani kaka anatetea ubora, ilhali dada anahofia gharama ya pili itakayozuka baadaye. Mjomba alipoingizwa, kila mmoja alianza kuandika kana kwamba yuko mbele ya shahidi.

Anayefaa kupendekeza simu ni mdogo wao, asiye upande wowote. Asiseme kwamba barua zinapoteza muda, maana hiyo ni lawama kwa waandishi wake. Awajibu wote, mjomba akiwemo, asije akadhaniwa anapanga jambo kwa siri:

"Assalaamu alaykum. Kaka, dada, nimesoma maelezo yenu na naona suala la mbao linahitaji tusikilizane. Mkiridhia, tuzungumze kwa dakika ishirini Jumamosi: Tanga saa 4 asubuhi, Maskati saa 5, kwangu saa 2. Au Jumapili saa hizo hizo. Kama hamna nafasi, tuendelee kuandikiana. Mjomba, matokeo tutakuletea."

Kila mji umetajiwa saa yake, na neno "asubuhi" lina kazi, kwani aliyezoea saa za Kizungu akiona saa 4 tupu huenda akangoja alasiri. Tena, Uingereza hurudisha saa nyuma majira ya baridi, hivyo saa 2 ya Leicester huwa saa 1. Na ruhusa ya kukataa iwe ya kweli: dada akisema kazini haruhusiwi simu, asisukumwe.

Simu ikiisha, mdogo aandike siku hiyo hiyo katika mfululizo ule ule: bei imejumuisha mbao au la, nani atachangia kiasi gani, fundi aanze lini. Amalizie kwa kuomba asahihishwe kabla ya Jumatatu jioni, na fedha zisitumwe kabla ya hapo.