Jumla Limbikizi: Mauzo ya Kipindi Chochote kwa Kutoa Mara Moja

Jumla limbikizi ya mauzo ni orodha ya pili inayowekwa kando ya orodha ya mauzo ya kila siku. Orodha ya kwanza inaonyesha kilichouzwa siku hiyo peke yake. Ya pili inaonyesha kilichouzwa tangu siku ya kwanza hadi kufikia siku hiyo. Hufanya kazi kama mita ya maji. Mita hairudi sifuri mwezi unapoisha, na anayetaka kujua maji yaliyotumika katika kipindi fulani hutoa namba iliyosomwa mwanzo katika ile iliyosomwa mwisho.

Hapa chini ni mauzo ya siku kumi ya duka la rejareja, kwa shilingi. Siku ya 7 duka lilifungwa.

| Siku | Mauzo | Jumla limbikizi |
|---|---|---|
| 0 | – | 0 |
| 1 | 42,000 | 42,000 |
| 2 | 35,500 | 77,500 |
| 3 | 51,000 | 128,500 |
| 4 | 28,000 | 156,500 |
| 5 | 60,500 | 217,000 |
| 6 | 74,000 | 291,000 |
| 7 | 0 | 291,000 |
| 8 | 39,000 | 330,000 |
| 9 | 45,500 | 375,500 |
| 10 | 58,000 | 433,500 |

Safu ya tatu hujengwa kwa kupita orodha mara moja tu: jumla ya jana ikiongezwa mauzo ya leo inakuwa jumla ya leo. Sasa mwenye duka akiuliza ni kiasi gani kiliuzwa kuanzia siku ya 4 hadi ya 8, hakuna haja ya kujumlisha siku tano. Jumla ya siku ya 8 ni 330,000, na ndani yake yamo mauzo ya siku tatu za mwanzo ambayo hayakuulizwa. Hayo ni 128,500. Yakitolewa zinabaki 201,500, na anayejumlisha 28,000, 60,500, 74,000, 0 na 39,000 atafika hapo hapo.

Kwa siku kumi faida ni ndogo. Inaonekana orodha inapokuwa ndefu na maswali yanapokuwa mengi. Mauzo ya miaka mitatu, 2021 hadi 2023, ni siku 1,095. Tuseme yanaulizwa maswali elfu moja, na kila moja linagusa siku 365 kwa wastani. Kujumlisha upya kila mara kutahitaji hatua 365,000 hivi. Kwa jumla limbikizi, safu hujengwa kwa hatua 1,095, kisha kila swali hujibiwa kwa kutoa mara moja: zote pamoja ni hatua 2,095. Tena urefu wa kipindi haubadilishi kitu. Swali la wiki moja na swali la miaka miwili yana gharama ile ile.

Kwenye kompyuta, kazi yote ni mistari michache. Huu ni mfano katika lugha ya Python:

```
mauzo = [42000, 35500, 51000, 28000, 60500,
         74000, 0, 39000, 45500, 58000]
P = [0]
for m in mauzo:
    P.append(P[-1] + m)

print(P[8] - P[3])
```

Jibu linalotoka ni 201500. Anayetumia Excel naye anaweza kuandika 0 katika kisanduku `C2`, mauzo ya siku ya kwanza katika `B3`, kisha fomula `=C2+B3` katika `C3` na kuiburuta hadi chini.

Sifuri hiyo ya mwanzo, yaani siku ya 0, ina kazi yake. Bila hiyo, swali linaloanzia siku ya 1 halina namba ya kutoa, na mwandishi wa programu hulazimika kulitengenezea njia ya pekee. Ikiwepo, kanuni inabaki moja kwa maswali yote: jumla ya siku ya mwisho, ukitoa jumla ya siku iliyotangulia ile ya kwanza.

Maneno hayo "siku iliyotangulia" ndiyo yanayowaangusha wengi. Ni rahisi kutoa jumla ya siku ya 4 yenyewe badala ya ile ya siku ya 3. Hapo 330,000 ukitoa 156,500 inabaki 173,500, pungufu kwa 28,000. Pengo hilo ni mauzo ya siku ya 4, na ndivyo kosa hili linavyojulikana: kinachokosekana siku zote ni mauzo ya siku ya kwanza ya kipindi. Lakini mtu akijaribu kanuni yake kwa kipindi kinachoanzia siku ya 7, kosa halitaonekana kabisa, kwa kuwa siku hiyo haikuuzwa kitu. Jaribio linalofaa zaidi ni kipindi cha siku moja yenye mauzo. Siku ya 5 peke yake inapaswa kutoa 60,500. Kanuni yenye kosa hutoa 0.

Siku za kufungwa zina jambo lingine. Haifai kuziruka katika orodha, hata kama zina sifuri tupu. Kila tarehe ikiwa na nafasi yake, kutafuta namba ya siku ni hesabu ya kalenda tu: ikiwa 1 Januari 2021 ni siku ya 1, basi 31 Machi ni siku ya 90 na 30 Juni ni ya 181, na mauzo ya Aprili hadi Juni ni `P[181] - P[90]`. Siku moja ikirukwa, tarehe zote zinazofuata husogea, na majibu yatakuwa na makosa bila dalili yoyote.

Namba za safu hii pia hukua kuliko za mauzo yenyewe. Katika lugha za programu zinazohifadhi namba kamili kwa biti 32, kikomo ni 2,147,483,647. Duka linalouza shilingi milioni mbili kila siku litakivuka siku ya 1,074, kabla miaka mitatu haijatimia, na mara nyingi dalili yake ni jumla kugeuka hasi ghafla. Biti 64 zinamaliza tatizo hilo, na Python haina kikomo hicho.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni masahihisho. Kuongeza mauzo ya leo mwishoni ni kujumlisha mara moja tu. Lakini ikigundulika kwamba mauzo ya siku ya 3 yalikuwa 15,000 na si 51,000, ni lazima 36,000 zipunguzwe katika jumla ya siku ya 3 na zote zinazofuata, hadi ya 10. Katika orodha ya siku 1,095, kurekebisha siku ya tatu ni kugusa namba 1,093. Masahihisho yakiwa machache, kujenga safu upya kila usiku kunatosha kabisa. Yakiwa yanaingia mchana kutwa pamoja na maswali, hutumika muundo uliochapishwa na Peter Fenwick mwaka 1994, ambao huhifadhi jumla za vipande vya urefu tofauti. Kwa siku 1,095, sahihisho moja hugusa namba zisizozidi 11, na kila jumla limbikizi hupatikana kwa kujumlisha namba zisizozidi 11. Swali linakuwa ghali kidogo ili sahihisho liwe rahisi sana.

Njia hii haijibu kila swali la kipindi. Wastani wa mauzo unapatikana, kwa kugawa jumla kwa idadi ya siku. Siku yenye mauzo makubwa kuliko zote haipatikani, kwa sababu kilichojumlishwa kinaweza kutolewa, lakini rekodi ya juu kabisa tangu siku ya 1 haisemi lolote kuhusu siku ya 7 hadi ya 10 ikiwa rekodi hiyo iliwekwa siku ya 6.