UZI: DNA inajibu swali la damu. Mirathi inauliza kitu kingine

Kuna kauli haikosi kwenye mijadala ya siasa hapa Kenya. Mtu anashika kipaza sauti anasema, "DNA iwe lazima, tumalize hii maneno ya watoto wa nje." Umati unashangilia, upande wa pili unasema hiyo ni kudhalilisha wanawake, na mjadala unaishia hapo. Mimi nasomea sayansi ya siasa, sio wakili, lakini nikisoma sheria zenyewe naona pande zote mbili zinaruka kitu kimoja. Kesi ya matunzo inategemea damu. Kesi ya mirathi inategemea damu kidogo, na mengine mengi.

Tuanze na matunzo, hayo ni mepesi.

Tangu 1959 tulikuwa na sheria iliyomruhusu mama ambaye hajaolewa kumshtaki baba wa mtoto ili atoe pesa za matunzo. Bunge likaifuta 1969, wakati ambapo hakukuwa na mbunge mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Sheria ya Watoto ya 2001 nayo ikamwacha baba asiyeoa bila jukumu la moja kwa moja, mpaka akubali mwenyewe au mahakama iamue. Ni Katiba ya 2010, kifungu cha 53, iliyosema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 imefuata njia hiyo.

Kwa hivyo siku hizi mwanamume akipelekwa Mahakama ya Watoto, kinga yake kubwa ni moja tu: "Huyo si wangu." Hapo ndipo hakimu anaagiza kipimo. Mtoto, mama na huyo mwanamume wanafika maabara, kwa mfano ile ya Mkemia wa Serikali, wakiwa na vitambulisho. Kijiti cha pamba kinasuguliwa ndani ya shavu, sampuli inafungwa na kutiwa alama mbele yao. Sampuli uliyojichukulia nyumbani ukaituma kwa bahasha inaweza kukutuliza roho, lakini mahakamani wakili wa upande wa pili atauliza swali moja tu: nani ana hakika hilo shavu lilikuwa la nani?

Maabara inalinganisha sehemu kadhaa za DNA, mara nyingi 15 au zaidi. Kila sehemu mtoto ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Ukitoa ya mama, iliyobaki lazima ipatikane kwa baba. Ikikosekana sehemu moja tu, inaweza kuwa mabadiliko ya kawaida ya chembe, wanapima zaidi. Ikikosekana sehemu kadhaa, huyo si baba. Zikilingana zote, ripoti inaandika kitu kama asilimia 99.99. Lakini kama mshukiwa mwingine ni ndugu yake wa damu, lazima maabara iambiwe, kwa sababu ndugu wanashiriki sehemu nyingi.

Je, mtu anaweza kukataa kupimwa? Inategemea nani anaomba. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilikataa kumlazimisha mwanamume kupimwa kwa ombi la mtu mzima aliyetaka kumjua babake, ikisema mwili wake una faragha. Anayeomba akiwa mtoto anayehitaji kutunzwa, mizani inageuka, maanake maslahi ya mtoto ndiyo yanatangulia.

Sasa mirathi. Hapa ndipo watu wanagombana sana, na huku kwetu Mghange shamba likigawanywa mara mbili tatu linabaki la kupanda sukumawiki tu.

Sheria ya Urithi, kifungu cha 3(2), haisemi mtoto wa mwanamume ni yule aliyemzaa. Inasema ni yule aliyemtambua waziwazi, au aliyemkubali kwa vitendo kuwa wake, au aliyebeba jukumu lake la kudumu kwa hiari. Soma tena polepole. Hakuna neno damu hapo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee anafariki bila wosia, mkewe alishatangulia. Ameacha ekari 6 na watoto watatu, wa mwisho akiwa kijana ambaye mama alikuja naye kwenye ndoa akiwa mchanga. Kisha anatokea binti wa miaka 19 kutoka Mombasa, anasema naye ni wa mzee. Ndugu wa marehemu wanataka wote wapimwe, "tujue wa kwetu ni nani."

Yule kijana akipimwa, damu itamkataa. Haibadilishi kitu. Mzee alimlea, alimlipia karo, alimpa jina. Kisheria ni mtoto wake na fungu lake liko palepale. Hao wajomba na baba wadogo wanaosubiri majibu ya maabara ili wamfukuze wanapoteza nauli.

Binti wa Mombasa kibarua chake ni kingine. Akiwa na ujumbe wa M-Pesa wa karo, cheti cha kuzaliwa chenye jina la mzee, au jina lake kwenye kijitabu cha mazishi, ana ushahidi wa kutambuliwa hata bila maabara. Asipokuwa nao, DNA inakuwa mlango wake, kwa sababu Katiba inakataza kumbagua mtu kwa mazingira aliyozaliwa. Juni 2025 Mahakama ya Juu ilitumia hoja hiyo hata kwa mali ya baba Mwislamu, ikakubali watoto waliozaliwa nje ya ndoa warithi.

Shida ni kwamba mzee ameshazikwa. Kufukua kaburi kunahitaji amri ya mahakama, na ni jambo zito. Bora kupima walio hai. Wazazi wote wawili wa marehemu wakiwepo, jibu linakuwa zuri. Angekuwa mvulana, wangelinganisha kromosomu Y na ya kaka wa marehemu, lakini hiyo inaonyesha ukoo tu, haitofautishi mzee na kaka yake. Huyu ni msichana, na kwenye wale watatu yuko binti wa damu wa mzee. Baba ana kromosomu X moja tu, humpa kila binti yake hiyohiyo, kwa hivyo X zao zinaweza kulinganishwa. Ndugu wa baba mmoja wakipimwa kwa njia ya kawaida, mara nyingi majibu hurudi nusunusu.

Akishinda, kifungu cha 38 kinagawa sawa. Badala ya ekari 2 kwa kila mtoto, wote wanne wanapata ekari 1 na nusu.

Na asichelewe. Orodha ya warithi huanzia kwenye barua ya chifu, na jina likiachwa hapo linaachwa kote. Ombi linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kuna siku 30 za kupinga. Baada ya idhini kutolewa, kwa kawaida miezi sita hupita kabla mahakama kuithibitisha na mali kugawanywa. Mgao ukishathibitishwa, hawezi tena kuomba fungu kama mtegemezi. Inabidi aombe idhini yenyewe ifutwe, athibitishe kwamba ilipatikana kwa kumficha au kwa maelezo yasiyo ya kweli, hata kama hayakuwa ya kusudi, na wakati huo shamba huenda lishauzwa kwa mtu wa tatu mwenye hatimiliki mkononi.