KUPANGA NAMBA ZA KURASA KATIKA TAARIFA NDEFU

Watumishi wa umma na wananchi wanaoandaa taarifa kwa kompyuta wanaarifiwa utaratibu ufuatao. Madhumuni yake ni kwamba mjumbe anapotaja "ukurasa wa 12" kikaoni, wote walio na nakala wafungue mahali pamoja.

Tuchukue mfano wa taarifa ya mwaka ya Kata ya Nangara, inayopelekwa Halmashauri ya Mji wa Babati, Mkoani Manyara. Tuseme ina kurasa 64: jalada 1, yaliyomo 2, dibaji 1, vifupisho 1, na taarifa yenyewe kurasa 59. Jalada huhesabiwa kuwa i lakini namba yake haionyeshwi. Kurasa nne zinazofuata huwa ii hadi v. Sura ya kwanza huanza na 1, na taarifa huishia 59. Kwa mpango huu dibaji inaweza kuongezwa ukurasa baadaye bila namba za sura kubadilika.

Programu ya Microsoft Word haitoi namba za aina mbili katika sehemu moja ya faili. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuigawa faili. Weka kishale mwanzoni mwa sura ya kwanza, kisha chagua Layout, Breaks, na chini ya Section Breaks chagua Next Page. Page Break ya kawaida haifai, kwani husogeza maandishi tu bila kuanzisha sehemu mpya.

Pili, bonyeza mara mbili juu ya ukurasa wa sura ya kwanza. Hapo ndipo hukaa kichwa cha ukurasa, yaani maneno yanayojirudia juu ya kila ukurasa. Zima Link to Previous. Nenda chini ya ukurasa, mahali pa namba, uizime huko pia, kwa sababu juu na chini hufungwa kila mmoja peke yake. Fanya hivi kabla ya kuandika au kufuta chochote; vinginevyo utakachofuta katika sehemu ya pili kitafutika na katika ya kwanza.

Tatu, weka namba katika kila sehemu kwa Insert, Page Number. Kisha, ukiwa katika sehemu ya kwanza, fungua Format Page Numbers na uchague i, ii, iii. Katika sehemu ya pili chagua 1, 2, 3, na katika Start at andika 1.

Nne, rudi kwenye jalada na uwashe Different First Page. Namba na kichwa vitatoweka hapo peke yake. Alama hii ni ya kila sehemu. Ikiwa iliwashwa kabla ya faili kugawanywa, sura ya kwanza nayo itakosa namba katika ukurasa wake wa mwanzo. Utaitambua hali hiyo kwa maneno First Page Header -Section 2- yanayosomeka pembeni; izime katika sehemu hiyo.

Ili jina la sura lijirudie lenyewe juu ya kurasa, vichwa vyote vya sura viwe vimepewa mtindo wa Heading 1. Kisha, ndani ya kichwa cha ukurasa, chagua Insert, Quick Parts, Field, halafu StyleRef na Heading 1. Sura ikibadilika, jina nalo hubadilika.

Kosa linalowasumbua wengi hutokea mwishoni, linapoingizwa jedwali pana la mapato linalohitaji karatasi ya kulala. Jedwali hilo huhitaji mkato wa sehemu kabla yake na baada yake, na kila sehemu mpya hurithi agizo la kuanza na 1. Ikiwa jedwali lilipaswa kuwa ukurasa wa 31, litaandikwa 1, na ukurasa unaolifuata pia 1. Katika sehemu hizo mbili fungua Format Page Numbers na uchague Continue from previous section.

Aidha, mkato wa sehemu usifutwe ovyo. Maagizo ya sehemu hukaa katika mkato unaoifunga. Ukiufuta, kurasa za mbele huchukua namba za sehemu inayofuata. Likitokea hilo, bonyeza Ctrl+Z mara moja.

Kazi ikikamilika, bonyeza orodha ya yaliyomo, kisha F9, uchague Update entire table. Wakati wa kuchapa kurasa chache, andika sehemu pamoja na ukurasa. Kwa kurasa 10 za kwanza za taarifa yenyewe andika:

```
p1s2-p10s2
```

Kabla ya kudurufu nakala za kikao, chapa nakala moja na uikague kwa mkono katika jalada, ukurasa wa ii, ukurasa wa 1, na kurasa zilizo kabla na baada ya kila jedwali la kulala.