Wanaokubali kulia, wanaopinga kushoto

Tuseme chama cha akiba na mikopo kimewapa wanachama 100 dodoso lenye kauli mbili: "Mikopo inatolewa kwa wakati" na "Riba ni ya haki". Majibu ni matano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", kipimo alichokianzisha Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932. Kwa mpangilio huo, mikopo imepata 10, 15, 35, 30 na 10. Riba imepata 25, 15, 5, 30 na 25.

Ukiyapa majibu alama 1 hadi 5, kauli zote mbili zina wastani uleule wa 3.15. Bodi ikiletewa wastani peke yake itaona hali ni moja. Kumbe kwenye mikopo watu 35 hawana upande, na kwenye riba wanachama wamegawanyika: 55 wanakubali, 40 wanapinga.

Chati iliyozoeleka ni ya pau zilizojaa hadi asilimia 100, vipande vitano vikifuatana. Jicho hulinganisha vizuri vipande vinavyoanzia mstari mmoja, kwa hiyo vile vya mwisho, kushoto na kulia, vinasomeka bila shida. Vya katikati vinaelea. "Nakubali" ni 30 kwenye kauli zote mbili, lakini ya mikopo inaanzia 60 na ya riba 45, na ni vigumu kuona kwamba zinalingana. Chati hiyo inatosha pale bodi inapotaka kujua tu wangapi wanakubali kabisa.

Mimi ningeipelekea bodi pau za pande mbili: wanaopinga kushoto mwa sifuri, wanaokubali kulia. Lakini wasio na upande wakae wapi? Wengi huwakata nusu kwa nusu juu ya sifuri, na hapo ndipo chati inapopotosha. Kwa mfano wetu, pau zote mbili zingefika 42.5 kushoto na 57.5 kulia, umbo lilelile kabisa. Watoe, uwape safu yao pembeni. Sasa mikopo inaonyesha 25 kushoto na 40 kulia, riba 40 na 55, na mgawanyiko wa riba unaonekana mara moja.

Kwenye Excel, chora pau zilizorundikwa na uandike idadi za wanaopinga kwa alama ya kutoa. "Sikubali" itangulie "sikubali kabisa" kwenye jedwali, la sivyo wenye msimamo mkali watakaa karibu na sifuri badala ya ukingoni. Namba za mhimili zipe muundo `0;0` ili alama ya kutoa isionekane. Usitumie nyekundu na kijani, kwa sababu wapo wasiozitofautisha. Rangi ya chungwa na bluu zinafaa, zikikolea kuelekea ukingoni. Jumla ya kila upande iandikwe mwishoni mwa pau, na idadi ya waliojibu iwekwe chini ya chati, kwa kuwa asilimia 55 ya watu 20 ni watu 11 tu.